Kifaransa: mbona meza imekuwa mwanamke?

"Wadau, mie wa Likoni, nimeanza Kifaransa mwezi wa pili huu. Ati meza ni ya kike, kitabu cha kiume, nani aliamua na nitajuaje?"

Hebu sahau kwanza hayo majina ya kike na kiume, ndo yanakuvuruga. Hizo ni ngeli tu, zetu nyingi, zao mbili, na wamezirithi kutoka Kilatini. Unavyosema kitabu changu kizuri kimepotea, ile ki inatembea mpaka mwisho, basi na wao hivyo hivyo: le livre est ouvert, lakini la porte est ouverte, na hiyo t ya mwisho inasikika mlangoni, kwa kitabu haisikiki.

Kazi iko hapa, neno lao halivai kiambishi. Kiti unakiona ki yake, ila porte yuko kimya kama nyumba yetu, ngeli yake huioni mpaka useme nyumba yangu. Kwa hiyo usikariri neno peke yake, kariri na un ya kiume au une ya kike. Mie nlikuwa nakariri na le na la, nikagonga mwamba kwa école, yaani shule, manake mbele ya vokali le na la zote mbili zinakuwa l', hujui lolote, lakini une école inajitangaza. Halafu shule yangu wanasema mon école, si ma ya kike, kwa ajili ya ulimi tu, neno bado ni la kike: mon école est petite.

Miisho inasaidia, -tion karibu zote za kike, -age nyingi za kiume. Nlipoanza kutembeza wageni nikawaambia le plage kwa kujiamini kabisa, mama mmoja akacheka mpaka kofia ikaanguka. Plage, page, cage na image ni za kike, kwa sababu hiyo -age si kiambishi kilichobandikwa kama kwenye voyage, ni mwili wa neno lenyewe.

Sasa mtego wa sisi Waswahili. Tunasema kiboko mkubwa amekufa, si kikubwa kimekufa, yaani chenye uhai kinaasi ngeli yake kinaenda kwa a-wa. Mfaransa haasi hivyo. Siku moja mgeni mwanamume aliteleza kwenye ngazi Fort Jesus, nikaandika kwenye ripoti la victime est conscient, yaani majeruhi ana fahamu, nikiwaza mzee yule ana ndevu zake, conscient basi. Nikarudishiwa na wino mwekundu: consciente. Neno ni victime, ndevu hazihusiki. Une personne vilevile, hata awe sheikh, na mtoto wa kike bado ni le bébé, il dort. Ila ukishamtaja le monsieur kwenye sentensi inayofuata, hapo rudi kwa il, hakuna atakayekushika.