Bajeti ya mizinga 20: mavuno ya kwanza hayarudishi mtaji

"Tupo 10, tunataka mizinga 20. Tuandike mapato gani mwaka wa kwanza?"

Msizidishe mizinga yote kwa kilo za asali, hapo ndipo maandiko mengi ya miradi yanapoharibika. Mzinga mpya hukaa mtupu mpaka kundi liingie lenyewe. Kwa 20, hesabuni 10 yenye nyuki, na 6 tu ya kuvuna. Kila mmoja kilo 8, jumla kilo 48. Mkiuza shilingi 8,000 kwa kilo, ni 384,000.

Matumizi, kwa bei za mfano (ulizeni fundi wenu): mizinga 1,600,000, mavazi manne ya kinga 360,000, mabomba mawili ya moshi 70,000, mafunzo ya siku tatu 400,000, waya, grisi, nta na ndoo 170,000. Jumla 2,600,000. Mavazi 10 ya nini? Wavunaji huingia kwa zamu.

Nta msiiondoe kwenye bajeti. Pakeni mstari mwembamba chini ya kila kiunzi, kijiti ambacho nyuki huning'iniza masega. Harufu yake huvuta kundi na masega hufuata mstari. Grisi kwenye waya unaoning'iniza mzinga huzuia sisimizi, ambao hufukuza nyuki. Wakati wa kuvuna, acheni masega yenye watoto wa nyuki na baadhi ya asali, la sivyo kundi litahama.