Re: Mradi wa maji ya kunywa, mashine ya RO inatosha?

"Wakuu nna kisima Mbagala maji yana chumvi, nikinunua RO nikaanza kujaza madumu ya lita 20 inatosha kupita TBS?"

Mkuu RO, yaani mashine ya kuchuja maji kwa shinikizo, itakutolea chumvi vizuri tu, maji yanaingia na TDS, yaani chumvi na madini yaliyoyeyuka, ya 1,800 yanatoka chini ya 100, ila kipimo cha TDS hakioni bakteria hata mmoja na hapo ndo wengi wanafeli. Maji yakishatoka RO hayana klorini tena, yakilala kwenye tenki la akiba yanaanza kuota uchafu upya, kwa hiyo taa ya UV au ozoni iwekwe baada ya tenki, karibu kabisa na bomba la kujazia, sio kabla.

Kabla hujawaita TBS peleka maabara sampuli za sehemu tatu, maji yanapotoka RO, yanapotoka tenki, na dumu lililofungwa tayari. Kama ya kwanza safi ya pili ina bakteria wa koliform basi tatizo ni tenki, na kama dumu tu ndo chafu basi ni uoshaji wako au mikono ya vijana. Kiwango cha maji ya kunywa yaliyofungashwa ni EAS 153, E. koli haitakiwi kabisa.

Madumu yanayorudi nusa kila moja kabla ya kuosha, watu wanaweka mafuta ya taa humo, hilo usijaze tena. Na kwenye bajaji funika turubai, jua likipiga maji yanaota ukijani.