Kabla hujamkalisha bosi mbele ya kamera

Jumamosi nilikaa karibu saa tatu katika ukumbi mmoja hapa Kisumu nikisikiliza vijana wakisoma skripti zao za vichekesho vya ofisini. Skripti nne, zote za dokumentari ya kuigiza, zote na meneja anayejiona nguzo ya kampuni. Masikio wanayo: kuna karani wa mapokezi aliyeandikwa na binti mmoja wa Kakamega, akafungua mdomo mara moja tu na nikajua hata anavyoshika simu. Lakini wote wanne walirudia kosa moja. Mkutano unavurugika mbele ya macho yetu, kisha meneja anaketishwa kwenye kiti cha mahojiano na kutuambia, "Mkutano wetu ulivurugika." Niliuma midomo hadi mwisho. Wadogo zangu, hili kosa nalijua kwa jina, kwa hiyo ngoja niwaambie.

1. Kwenye kiti mhusika haelezi kilichotokea. Anasema anachoamini, na picha inayofuata inamkana.

Skripti yangu ya kwanza ya ofisi ilihusu kampuni ndogo ya matangi ya maji. Sukari ya chai ilikuwa inaisha katikati ya wiki, meneja akanunua kabati na kufuli. Ufunguo akaubeba yeye. Asichojua ni kwamba kabati halina ubao wa nyuma, na mhasibu anachota sukari kwa kupitia huko, anaitia kwenye bahasha ya risiti. Ndicho kichekesho chote, na nilikipenda sana.

Tulifanya mazoezi ya tukio la stoo jioni tano. Kila jioni watu walicheka mpaka mlinzi wa jengo akaja kuchungulia. Mahojiano hatukuyafanyia mazoezi hata mara moja. Tuliyarekodi yote siku ya mwisho, kiti kimoja, dirisha moja, mwigizaji mmoja baada ya mwingine, kwa sababu hivyo ndivyo ratiba inavyokubali na hata leo ningepanga hivyo hivyo. Lakini maana yake ni kwamba hakuna aliyewahi kusikia mahojiano na tukio yakifuatana, mpaka siku ya kuhariri. Na mimi siku hiyo nilikuwa nimechoka, nikapanga tu kama karatasi ilivyosema.

Karatasi ilisema hivi:

MENEJA (kwenye kiti): Baadaye niligundua Madam alikuwa anaiba sukari kwa nyuma. Nilihisi vibaya sana.
MKATO: Stoo. Mhasibu anachota sukari kwa nyuma ya kabati.

Tulionyesha kwa familia za waigizaji, watu kama thelathini, viti vya kukodi, soda kreti mbili. Tukio la stoo lilipofika, kimya. Hakikuwa kimya cha kungoja. Kilikuwa cha watu wanaotazama kitu walichokwisha kuambiwa. Dada aliyeigiza mhasibu alikuwa ameketi karibu nami. Alifanya kila kitu sawasawa kwenye skrini: anapuliza vumbi kwenye kijiko, anahesabu vijiko kwa midomo, anaandika kitu kwenye bahasha. Mama yake akamuuliza polepole, "Hapa ndipo unachekesha?" Sikuweza kumtazama yule dada usoni. Kazi yake ilikuwa nzuri na sentensi yangu moja ilikuwa imeiua kabla haijaanza, na hakukuwa na namna ya kumweleza hivyo pale, mbele ya mama yake.

Wiki mbili baadaye niliona cha kufanya. Tukio halikuhitaji kuguswa. Mahojiano ndiyo rahisi kurudia: kiti, dirisha lile lile, saa ile ile ya jua, shati lile lile. Tukamwita meneja asubuhi moja, na nikaandika upya:

MENEJA (kwenye kiti): Ufunguo ni mmoja, na unalala kwangu.
MKATO: Stoo. Mhasibu anachota sukari kwa nyuma. Anafunga bahasha, anaandika: RISITI, MACHI.
MENEJA (kwenye kiti, ametulia): Tangu Jumatatu hakuna mtu amefungua kabati hilo.

Tazameni sentensi ya mwisho. Ni kweli. Kabati halijafunguliwa. Meneja hadanganyi, hajifanyi mjinga, na mwigizaji hahitaji kukodoa macho. Anasema kwa uso mkavu kwa sababu ana uhakika. Mkichunguza mahojiano yanayochekesha mtakuta mara nyingi ni hivi: neno la kweli linalosemwa na mtu asiyeona upande mmoja wa kabati. Uongo wa waziwazi hautoi kicheko cha aina hii, maana mwongo anajua.

Tena mkato uje katikati, si mwishoni. Ukimaliza na picha ya stoo, tumecheka mara moja. Ukirudi kwa meneja, ule utulivu wake tunauona upya, na hapo ndipo ukumbi ulipopasuka mara ya pili tulipoonyesha.

2. Juu ya kila mahojiano andika yamerekodiwa lini: kabla ya tukio, katikati, au baada.

Neno moja tu, pembeni. "Baadaye niligundua" lilikuwa kosa la saa zaidi ya kosa la maneno: nilimkalisha meneja akiwa ameshajua, na mtu aliyejua hana tena la kuamini kwa bidii. Kipimo changu ni kufunika tukio kwa mkono na kusoma mahojiano peke yake. Yakiniambia tukio lote, nayarudisha nyuma siku moja, mhusika akiwa bado na matumaini. Mahojiano ya baada yana kazi pia, lakini pale mhusika anapokataa kukubali kilichotokea.

3. Nani ameshika kamera?

Mmoja wenu Jumamosi aliandika karani analia chooni, peke yake, mlango umefungwa, na kamera iko ndani. Hii ni dokumentari. Kuna mtu wa kamera na mtu wa sauti, na wameingia wapi? Weka kamera nje, tusikie maji yakimwagika muda mrefu kupita kiasi, kisha atoke na kukuta tunamngoja. Kwangu stoo iliniletea swali hilo hilo, kwa sababu mhasibu lazima alituona. Kwa hiyo anatazama kamera, anafikiri, anaongeza kijiko cha pili kwenye bahasha nyingine, anainyoosha kuelekea kwetu. Kipindi kinachofuata kikombe cha mpiga picha kinaonekana mezani, na hakuna anayekitaja.

4. Msimulizi anajua kile faili inachojua.

Kwanza jiulize kama unamhitaji. Kipindi cha The Office cha Uingereza, kile cha 2001, hakina msimulizi hata kidogo. Kipindi cha Twenty Twelve cha 2011 kinaye, na David Tennant anasimulia kama mtu anayesoma taarifa rasmi. Ukiamua kuwa naye, mnyime vivumishi. "Meneja mwenye wivu na sukari" ni wewe mwandishi unatukanyaga mguu. Msimulizi aseme: "Kabati liligharimu shilingi 4,500. Kufuli, shilingi 850. Sukari iliyomo ni kilo mbili." Halafu anyamaze. Hesabu tutafanya wenyewe, tukimtazama meneja akijaribu ufunguo mara tatu mbele ya mgeni kutoka Nairobi, na nyuma yake, kwenye meza ya Madam, bahasha ya Machi imeanza kuvuja.