Wadogo zangu wa fildi, hela yenu ya boda inapotelea hapa

Mwezi unafungwa, na mezani kwangu kuna marejesho ya vijana wetu wapya wa mradi. Nimeyapitia moja baada ya jingine na roho imeniuma, maana najua hela hizo mmezitoa mfukoni kweli, na najua pia nyingine sitaweza kuzipitisha. Nimewaambia kwa mdomo tangu mnaripoti kazini. Sasa naandika. Posho ya kujikimu siigusi, hiyo ina utaratibu wake. Nasema juu ya vile vidogo vidogo: boda, vocha, bando na intaneti ya nyumbani.

1. Boda hana mashine ya EFD, lakini ana jina, simu na pikipiki yenye namba.

Hakuna mhasibu anayekudai risiti ya EFD ya bodaboda. Tunachodai ni ile fomu ya malipo yasiyo na risiti: tarehe, umetoka wapi kwenda wapi, kwa kazi gani, kiasi, jina la dereva, simu yake, namba ya pikipiki inayoanzia na MC, na saini yake mwenyewe. Ijaze unaposhuka, kabla hujatoa hela. Ukishalipa, dereva anageuza pikipiki anawahi abiria mwingine, na hapo ndipo shida inapoanza.

Kuna binti mmoja, mchapakazi kwelikweli, alikwenda wilaya ya Kondoa kusimamia wahudumu wa afya ngazi ya jamii walipokuwa wakiandikisha kaya. Gari la mradi lilikuwa moja, timu zilikuwa mbili, hivyo akapanda boda kwenda Pahi na kata za jirani. Aliporudi aliomba kurudishiwa 177,000: boda safari sita za 12,000 kila moja, yaani 72,000, vocha na bando 35,000, na 70,000 ya intaneti ya nyumbani, kwa kuwa wikiendi aliingizia takwimu kwao. Alilipwa 44,000.

Safari mbili za boda alizilipa kwa M-Pesa. Jina la dereva na kiasi vilionekana kwenye taarifa ya miamala, tarehe zikakubaliana na mpango kazi, 24,000 ikapita bila swali. Nne alilipa taslimu bila kujazisha fomu. Usiku wa mwisho, gesti, alikaa kitandani akazijaza zote nne kwa mkupuo. Majina aliyakumbuka, simu za madereva alikuwa nazo, kiasi kilikuwa cha kweli. Kisha akawawekea saini.

Mkaguzi hakuhitaji hata kufika Kondoa. Fomu nne zilikuwa na kalamu moja na mwandiko mmoja, na saini zote zililalia upande mmoja. Alipiga simu ya kwanza. Dereva akasema ndiyo, dada huyo nilimbeba na alinilipa, ila karatasi yoyote sikusaini. Basi. Safari ilikuwa ya kweli, na fomu ilikuwa ya kughushi. Mkaguzi akafungua logi ya gari, akakuta safari moja ya boda imeandikwa Alhamisi, siku ambayo jina la binti limo kwenye logi kama abiria. Safari hiyo ilikuwa ya Jumatano. Alichanganya siku kwa sababu aliandika baadaye, lakini mbele ya mkaguzi ikasomeka kama kudai nauli huku umebebwa na gari la ofisi.

Akapoteza 48,000, na juu yake akapata barua ya onyo. Nilikuwepo alipoipokea. Alilia, na mimi niliumia, kwa sababu nilimwamini na bado namwamini. Hakuna senti aliyoiba. Lakini anayesaini kwa niaba ya mtu mwingine anamnyima mhasibu wake neno la kumtetea.

Mngejua ni rahisi kiasi gani kuokoa hali ile! Angeacha sehemu ya saini wazi, akaandika maelezo mafupi kwamba dereva hakusaini na sababu yake, akampa msimamizi wake aidhinishe. Ningezipigania fomu hizo. Huenda zote zisingepita, lakini barua ya onyo isingekuwepo.

2. Lipa kwa simu kila unapoweza, kwa laini iliyosajiliwa kwa jina lako.

Laini ya kaka yako inatoa taarifa ya miamala yenye jina la kaka yako, nami siwezi kumrudishia hela mtu ambaye si mtumishi wetu. Dereva akitaka umwongezee ya kutolea, iandike kama kiasi cha peke yake, usiichanganye na nauli.

3. Meseji za vocha msizifute.

Katika ile 35,000, binti alinunua 20,000 kupitia M-Pesa na 15,000 akakwangua vocha za dukani. Za M-Pesa zililipwa. Za kukwangua alitupa karatasi, na meseji za mtandao za kuthibitisha salio alishazifuta kupisha nafasi ya picha. Picha ya skrini ingetosha. Na usiniletee bando la mwezi mzima kwa safari ya siku tano. Nunua la wiki, andika pembeni uliwapigia akina nani: wahudumu, mtendaji wa kata, dereva.

4. Intaneti ya nyumbani hulipwa kwa makubaliano ya kabla.

Ile 70,000 ilikuwa bili ya familia, kwa jina la kaka yake, ya mwezi mzima, na nyumba nzima inaitumia. Hakuna namna ya kuonyesha kipande cha mradi ni kipi. Kama kazi ya nyumbani ni ya siku mbili tatu, nunua bando la siku hizo kwenye laini yako ya kazi. Kama ni ya kudumu, andika dokezo mapema, mkubaliane na msimamizi sehemu ya bili itakayobebwa na ofisi, tuseme theluthi moja, na kila mwezi uambatishe bili na dokezo lililosainiwa.

Najua wengine mnataka haya yote yageuzwe posho ya simu ya kila mwezi ili tusisumbuane. Fikirini kwanza. Posho ya jumla inaingia kwenye mapato ya ajira na kukatwa PAYE. Mwenye mshahara unaozidi milioni moja anakatwa asilimia 30 kwenye hiyo nyongeza, kwa hiyo 30,000 inamfikia 21,000. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 kinaacha nje malipo yanayorudisha tu ulichotumia kikamilifu kwa ajili ya kazi. Ushahidi wenu ndio unaoyaweka huko nje.

5. Someni mstari wa chini wa fomu ya masurufu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu mwajiri akukate mshahara kwa deni bila kukubali kwako kwa maandishi. Kwenye fomu yetu, kukubali kwenyewe ni ule mstari uliosaini mbiombio ukiwahi gari. Unasema usiporejesha kwa wakati, kiasi kilichobaki kitakatwa kwenye mshahara. Kwetu muda ni siku 7 tangu kurudi, na masurufu mapya hayatoki ya zamani yakiwa wazi. Leta hata kama fomu moja haijakamilika. Rejesho lenye upungufu tunalijadili.

6. Nikikataa kitu, niulize kifungu.

Niandikie barua pepe, nami nitakujibu kwa maandishi ni kipengele gani cha sera kimevunjwa. Usipokubaliana nami, nenda kwa meneja wa mradi, nina amani kabisa na hilo. Ila nenda kabla hesabu za mfadhili hazijafungwa. Tarehe ya mwisho wa ruzuku ikipita na ripoti ya fedha ikishatumwa, hakuna mstari wa bajeti uliobaki wa kulipia boda ya Pahi, hata ukiniletea dereva mwenyewe ofisini.