Barua kwa msambazaji aliyechelewesha mzigo: kudai tarehe ya uhakika au kufuta agizo

SWALI: Ndugu mtaalamu, sisi ni kiwanda kidogo cha kukamua alizeti hapa Kibaigwa. Tarehe 12 Desemba tuliagiza kwa msambazaji wa Dar es Salaam mashine moja ya kuchujia mafuta na shafti mbili za mashine ya kukamua, tukalipa nusu ya fedha. Tuliahidiwa mzigo tarehe 30 Januari. Sasa ni Aprili, na kila tukipiga simu tunajibiwa kuwa mzigo uko njiani. Msimu unakaribia. Tuandike barua ya namna gani ili tupate hali halisi na tarehe isiyoyumba, au turudishiwe fedha zetu, bila kuharibu uhusiano?

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kuandika neno lolote, amueni kwanza tarehe yenu wenyewe. Barua nyingi za namna hii hushindwa kwa sababu mnunuzi huomba mzigo “haraka iwezekanavyo,” maneno ambayo msambazaji anaweza kuyatimiza mwezi wa Juni bila kuvunja ahadi yoyote. Tarehe hiyo hupatikana kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka siku mnayohitaji mashine ifanye kazi. Tuseme mbegu za wakulima huanza kuingia kwenu kwa wingi katikati ya Mei, fundi anahitaji siku tano za kufunga na kujaribu, na mnatenga siku mbili za tahadhari iwapo lori kutoka Dar es Salaam litachelewa. Siku ya mwisho ya kupokea mzigo Kibaigwa inakuwa tarehe 8 Mei. Mzigo ukifika baada ya hapo, hautawafaa kwa msimu huu, na hilo ndilo jambo ambalo msambazaji huenda hajaambiwa kwa maandishi hata mara moja.

Jambo la pili ni kuuliza mzigo uko katika hatua gani, kabla ya kuuliza utafika lini. Tarehe peke yake haina thamani, kwa kuwa karani wa mauzo anaweza kuitaja ili tu simu ikatwe. Hatua ya mzigo huacha karatasi, na karatasi inaweza kukaguliwa. Ikiwa mashine bado iko kiwandani ng'ambo, kuna uthibitisho wa agizo kutoka kiwandani wenye tarehe ya kukamilika. Ikiwa iko baharini, kuna hati ya shehena iliyotolewa na kampuni ya meli au na mkusanyaji wa mizigo, yenye jina la meli na mara nyingi namba ya kontena, ambayo mnaweza kuifuatilia katika tovuti ya kampuni ya meli. Ikiwa imefika bandarini, wakala wa forodha anaweza kutoa namba ya TANSAD ya tamko la forodha. Na ikiwa iko ghalani Dar es Salaam, basi hakuna sababu ya kutopata picha yake na namba yake ya utambulisho siku hiyo hiyo.

Mkishajua hatua, mnaweza kuipima tarehe mtakayopewa. Tuchukulie mashine inatoka China. Meli huchukua takriban wiki tatu hadi tano kufika Dar es Salaam, na zaidi iwapo kontena litahamishiwa meli nyingine katika bandari ya katikati. Baada ya hapo kuna kushusha, forodha na usafiri wa barabara. Kwa hiyo, kama leo ni tarehe 8 Aprili na hati ya shehena bado haijatolewa, ahadi ya kukabidhi Kibaigwa tarehe 8 Mei haiaminiki hata ikitolewa na mkurugenzi mwenyewe, na mnapaswa kuanza kuzungumzia kufuta. Angalieni pia kwamba wasambazaji wengi hutaja tarehe ya meli kufika bandarini kana kwamba ndiyo tarehe ya kuwakabidhi ninyi. Ulizeni ya pili.

Huenda wakasita kuwaonyesha hati, na mara nyingi sababu si udanganyifu: hati hizo huonyesha jina la kiwanda na bei waliyonunulia, nao hawataki mnunuzi avijue. Waruhusuni waifiche bei na jina la kiwanda. Mnachohitaji ni tarehe na namba za ufuatiliaji, na ukishawaondolea sababu hiyo ya kukataa, anayeendelea kukataa anakuwa amewajibu kwa namna yake.

Kuhusu haki ya kufuta, kifungu cha 55 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinamruhusu aliyeahidiwa kubatilisha mkataba pale ambapo muda ulikusudiwa kuwa sharti la msingi na haukutimizwa. Ugumu wenu ni kwamba tarehe 30 Januari ilipita nanyi mkaendelea kungoja, jambo ambalo msambazaji anaweza kulitumia kudai kuwa mlikubali kuchelewa. Ndiyo maana sishauri mfute leo. Wapeni muda mpya wa kutosha, mseme waziwazi kwamba muda huo sasa ni sharti la msingi, na mweleze kitakachofuata ukipita. Hapo msimamo wenu unakuwa imara zaidi kuliko wa sasa. (Mngekuwa taasisi ya umma, mngefuata pia Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 na masharti ya mkataba wenyewe; kiwanda binafsi hakibanwi na sheria hiyo.)

Kabla ya kuandika, someni tena profoma na LPO yenu. Tafuteni sharti lolote linalosema kuwa malipo ya awali hayarudishwi, au kwamba bidhaa iliyoagizwa mahususi haifutiki. Mkilikuta, barua haibadiliki sana, lakini jiandaeni kwa mazungumzo kuhusu gharama ambazo msambazaji amekwisha kuingia.

Kuna suala moja ambalo hamkuligusa katika swali lenu, nalo linaweza kuokoa msimu: je, vitu vyote vitatu vimekwama, au ni mashine ya kuchujia tu? Ni kawaida msambazaji kushikilia vitu vilivyopo ghalani akingoja kimoja kilichokosekana ili asafirishe mara moja. Tuchukue mfano kwamba agizo lote ni shilingi 14,500,000, yaani mashine ya kuchujia 8,600,000 na shafti mbili kwa 2,950,000 kila moja, nanyi mmelipa 7,250,000. Shafti mbili zina thamani ya 5,900,000. Mkizichukua sasa na kufuta mashine ya kuchujia, msambazaji atabaki anadaiwa 1,350,000 tu. Kurudisha kiasi hicho ni rahisi kwake kuliko kurudisha milioni saba ambazo pengine alikwisha kuzituma kiwandani, na ninyi mtakuwa na shafti mpya wakati mbegu zinaingia. Kwa maoni yangu hili ndilo pendekezo lenye uwezekano mkubwa zaidi wa kukubaliwa, na linafaa kuwekwa ndani ya barua tangu mwanzo.

Barua yenyewe inaweza kuandikwa hivi:

“8 Aprili

Meneja Mauzo,
Nakala: Mkurugenzi, Mhasibu Mkuu.

YAH: AGIZO LETU LA TAREHE 12 DESEMBA – OMBI LA HALI YA MZIGO NA TAREHE YA UHAKIKA

Tafadhali rejea agizo tajwa, lenye thamani ya shilingi 14,500,000, ambalo tulilipia shilingi 7,250,000. Mzigo ulipaswa kutufikia tarehe 30 Januari na hadi leo haujafika.

Tunaomba mtupatie kwa maandishi, kabla ya saa kumi jioni ya tarehe 15 Aprili, mambo yafuatayo kwa kila bidhaa: hatua iliyofikia, pamoja na nakala ya hati inayothibitisha (bei na jina la kiwanda vinaweza kufichwa), na tarehe moja ya kukabidhi katika kiwanda chetu Kibaigwa, kwa bei ile ile tuliyokubaliana.

Kwa kuwa msimu wa alizeti unaanza katikati ya Mei, hatuwezi kupokea mzigo baada ya tarehe 8 Mei, na kuanzia barua hii tarehe hiyo ni sharti la msingi la agizo. Bidhaa yoyote iliyopo ghalani tunaomba isafirishwe mara moja bila kungoja nyingine.

Iwapo hatutapata majibu kufikia tarehe 15 Aprili, au iwapo majibu yataonyesha kuwa bidhaa fulani haitafika kufikia tarehe 8 Mei, tutakuwa na hiari ya kufuta agizo la bidhaa hiyo kwa taarifa ya maandishi. Tukilifuta, tutaomba salio la malipo yetu lirudishwe katika akaunti iliyolipa, ndani ya siku 14.

Barua hii haiondoi haki zetu nyingine chini ya agizo. Tungependa kulikamilisha agizo hili pamoja nanyi, na tuko tayari kuzungumza wakati wowote kabla ya tarehe hizo.”

Mtaona kwamba barua haimlaumu mtu, haitaji simu zote mlizopiga, na haitishi mahakama. Neno “hiari” limewekwa kwa makusudi: agizo halijifuti lenyewe, ili kama mzigo utakuwa umefika Morogoro tarehe 8 Mei jioni, ninyi ndio muamue. Nakala kwa mkurugenzi ni muhimu kwa sababu karani anayepokea simu zenu kwa kawaida hana mamlaka ya kurudisha fedha wala kuagiza mzigo usafirishwe kwa sehemu. Itumeni kwa barua pepe na nakala ngumu igongwe muhuri wa kupokelewa. WhatsApp itumike kuwakumbusha tu.

Majibu yakija, yasomeni kwa ukali. “Tunategemea wiki ijayo” si tarehe, na “mwishoni mwa Aprili, Mungu akipenda” pia si tarehe. Mkijibiwa hivyo, andikeni mstari mmoja mkiomba siku na mwezi, lakini msisogeze ile tarehe 15, kwa maana ukiisogeza mara moja msambazaji ataelewa kuwa na ile ya 8 Mei inasogezeka. Mkipewa tarehe inayopimika na kuendana na hatua ya mzigo, ikubalini kwa maandishi siku hiyo hiyo.

Mwisho, ikiwa mtaamua kupokea mzigo uliochelewa na bado mnafikiria kudai fidia, kifungu kile kile cha 55 kinawataka mtoe taarifa ya nia hiyo wakati wa kupokea; mkinyamaza, mnaipoteza. Kabla ya kusaini hati ya kupokelea mzigo, aliyepo getini aandike juu yake: “Umepokelewa kwa kuchelewa, tunakusudia kudai fidia,” kisha apige picha ya hati yote kabla dereva hajaondoka na nakala yake. Na kama ni kufuta, hakikisheni kwamba risiti ya EFD mliyopewa kwa malipo ya awali inarekebishwa na mhasibu wao, ili hesabu zenu za kodi ya ongezeko la thamani zisibaki na ununuzi ambao haukutokea.