Vali ya mvuke inayoyumba mzigo ukiwa mdogo

"Wakuu, vali yetu ya mvuke kwenye kibadilisha joto ni ya mstari mnyoofu. Mzigo ukishuka inafunga na kufungua bila kutulia. Nibadilishe pozishona?"

Usinunue kitu bado, mkuu. Funga mvuke, weka kidhibiti kwenye hali ya mkono, tuma 12 mA, yaani nusu ya ishara, kisha angalia fimbo ya vali. Ikiendelea kucheza, kagua pozishona na pakingi. Pakingi iliyokazwa mno huifanya fimbo inate, hewa ijikusanye, halafu fimbo iruke kupita ilipotakiwa. Ikitulia nusu ya mwendo, pozishona haina kosa. Yenyewe hufuata mahali fimbo ilipo, mtiririko haiujui.

Basi tazama plagi. Mzigo ukiwa mdogo, msogeo kidogo tu wa vali ya mstari unaingiza mvuke kupita kiasi. Vali ya asilimia sawa, ambayo kila hatua ya fimbo huongeza mtiririko kwa asilimia ileile, yenye uwiano wa 50 kati ya mtiririko wa juu na wa chini kabisa unaodhibitika, ikiwa nusu wazi na tofauti ya shinikizo haibadiliki, hupitisha takriban asilimia 14 tu ya mtiririko wake wa juu, kwa hiyo huko chini inadhibitika kwa upole. Kwa kazi hii ningechagua hiyo.

Ukishabadilisha, hakikisha pozishona imewekwa kwenye hali ya mstari mnyoofu. Ikiwa nayo iko kwenye asilimia sawa, nusu ya ishara itatoa chini ya asilimia 4 ya mtiririko wa juu.