Barua kwa meneja ripoti mbili zinapopishana

Novemba 2023 nilikuwa mchambuzi wa data katika kiwanda cha mkate hapa Kisumu. Tarehe 1 asubuhi ripoti mbili zilijituma zenyewe kwa barua pepe, kama kila mwezi. Ya mauzo ilisema Oktoba tumeingiza shilingi 9,218,400. Ya uhasibu ikasema 8,674,250. Kabla sijamaliza chai, meneja alishanipigia simu: "Kijana, kati ya hizi mbili, ipi ni uongo?"

Barua yangu ya kwanza ilikuwa ya kurasa tatu, imejaa majina ya majedwali na seva. Akanirudishia akiwa ameandika juu yake kwa kalamu nyekundu: "Nilipe komisheni kwa hesabu gani?" Hapo ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nimejibu swali langu, si lake. Ukiandikiwa swali kama hilo, sentensi ya kwanza ya barua yako iseme atumie namba ipi kwa kazi ipi. Mengine yafuate.

Lakini huwezi kuandika sentensi hiyo kabla hujapata chanzo, na mimi nilianza vibaya. Nilidhani tofauti ni kodi ya ongezeko la thamani tu, nikagawanya namba kubwa kwa 1.16. Haikulingana hata kidogo, kwa sababu ripoti ya mauzo ilizidi kwa asilimia sita na ushei. Nilisahau kwamba mkate wa kawaida hutozwa kodi hiyo kwa kiwango cha sifuri. (Mwaka uliofuata Mswada wa Fedha ulitaka kuuondolea mkate nafuu hiyo, pendekezo hilo likaondolewa baada ya kelele za nchi nzima.) Kwetu kodi ya asilimia 16 ilikuwa kwenye keki peke yake.

Kilichonisaidia ni kuacha jumla ya mwezi na kuziweka ripoti mbili sambamba siku kwa siku. Jumapili ndiyo iliyonizindua. Kwenye ripoti ya mauzo Jumapili zilikuwa zimechangamka, na Jumamosi zimepungua. Mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye geti la kile kiwanda anajua usiku wa kuamkia Jumapili nusu ya magari hayapakii. Usiku wa kuamkia Jumatatu ndio yanapanga foleni: Ahero, Bondo, Luanda, Oyugis, yote yanataka kuondoka kabla ya saa tisa usiku. Yaani mauzo ya Jumatatu alfajiri yalikuwa yanahesabiwa Jumapili.

Sababu ni saa. Hifadhidata yetu iliweka muda kwa saa ya dunia, UTC, ambayo iko nyuma ya saa ya Kenya kwa saa tatu. Amri ya ripoti ya mauzo ilikuwa hivi:

```sql
WHERE created_at >= '2023-10-01'
  AND created_at <  '2023-11-01'
```

Hakuna kosa la kuandika hapo. Ila seva ilisoma tarehe hizo kwa UTC, hivyo "Oktoba" yake ilianza saa tisa usiku wa kuamkia tarehe 1 na kuisha saa tisa usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba. Biashara inayofunga jioni isingeona tofauti yoyote. Sisi tulikuwa tunapakia saa zilezile.

Miezi mingi kasoro hii hujificha, kwa maana kinachopotea mwanzoni mwa mwezi hukaribia kulingana na kinachoongezeka mwishoni. Oktoba ile ilianza Jumapili, siku ya magari machache, na Novemba ikaanza Jumatano, magari yote yakiwa barabarani. Tukapoteza 41,200 na kuokota 187,600.

Kisha nikaenda hatua kwa hatua, kila hatua nikiipima baada ya kusahihisha iliyotangulia. Mpangilio huu si madoido. Keki iliyopakiwa usiku wa kuamkia Novemba ina kodi ndani yake. Ukipima saa peke yake na kodi peke yake, kodi ya keki hiyo utaitoa mara mbili.

Barua ya pili ilikuwa hii:

"Kwa Meneja wa Mauzo,

Kwa komisheni na kwa hesabu za kampuni, tafadhali tumia 8,674,250 ya uhasibu. Ripoti ya mauzo itumike tu kujua kilichopakiwa, na isitumike kulipa mtu.

Kutoka 9,218,400 hadi namba hiyo, njia ni hii. Ripoti ya mauzo ilihesabu mikate iliyopakiwa usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba, shilingi 187,600, nimeiondoa. Ikaacha iliyopakiwa usiku wa kuamkia tarehe 1 Oktoba, shilingi 41,200; nimeirudisha. Tunabaki na 9,072,000. Ndani yake kuna kodi ya keki 184,000, ambayo ni pesa ya KRA, si yetu. Tunabaki na 8,888,000. Mkate uliorudishwa na maduka, ambao uhasibu huutoa na ripoti ya mauzo haiuoni kabisa, ni 212,350. Tunabaki na 8,675,650.

Bado kuna 1,400 ambazo sijajua zimetoka wapi. Ninaendelea kuzitafuta, na hazizuii komisheni kulipwa.

Nikirekebisha saa kwenye ripoti ya mauzo, miezi iliyopita pia itabadilika. Naomba tukubaliane siku ya kufanya hivyo, ili usiamke ukute Septemba imekuwa na namba nyingine."

Aya hiyo ya mwisho nusura niiache, na sasa naona ndiyo iliyoniokoa. Meneja alikuwa ameshapeleka Septemba kwa wakurugenzi. Namba ikibadilika kimyakimya, hakuna atakayekuuliza habari za saa. Watauliza nani amechezea vitabu.

Kuhusu 1,400, mwenzangu mmoja wa ofisini alinishauri niziite "tofauti ndogo" na kuziingiza kwenye mkate uliorudi ili hesabu ifunge. Nilikataa. Mkate uliorudi una hati za marejesho zenye saini ya dereva, na mtu akizijumlisha atapata 212,350 kamili. Ukipaka rangi hapo, hata zile namba za kweli hazitaaminika tena.

Kwenye hati hizo kuna jambo moja ambalo sikuliweka kwenye barua, nikamweleza kwa mdomo. Ile 212,350 ni ya mikate iliyorekodiwa kurudi ndani ya Oktoba. Mingine iliuzwa mwisho wa Septemba, na mikate ya tarehe 31 ilirudi Novemba. Kwa hiyo namba ya uhasibu haisemi mkate wa Oktoba uliuzika kiasi gani. Kwa swali hilo unahitaji kuunganisha kila hati na ankara yake, kazi tuliyoifanya baadaye.

Marekebisho yenyewe yalikuwa mistari miwili:

```sql
WHERE created_at >= '2023-10-01 00:00+03'
  AND created_at <  '2023-11-01 00:00+03'
```

Kenya haisogezi saa kwa misimu, ndiyo maana +03 inatosha mwaka mzima. Nilithibitisha kwa Jumapili: nilipokata kila siku kwa +03 hiyohiyo, zilirudi kuwa ndogo, kama geti linavyojua.

Meneja alinipigia jioni ileile. "Hii nimeielewa. Sasa hiyo 1,400 ni ya nani?" Ilinichukua siku mbili. Ilikuwa ankara ya duka moja la Kondele, iliyofutwa uhasibu baada ya mteja kukataa mzigo pale mlangoni. Dereva aliupeleka mkate ule duka jirani, akaandika ankara mpya, na upande wa mauzo hakuna aliyeambiwa afute ile ya kwanza.